Kikomo cha Chini Kwanza

Mzee mwenye kisukari aliyedhoofika, anayesaidiwa kula na kushikwa mkono kwenda chooni, hatakiwi kuwa na sukari ya 5 kila asubuhi. Nimefanya unesi kwenye makao ya wazee kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na hilo ndilo jambo ambalo limenipa tabu kuliko mengine kulieleza, hata kwa wenzangu tunaovaa sare moja. Kila mtu anajua kwamba ugonjwa wa kisukari ni sukari kupanda, kwa hiyo kila mtu akiona namba ya chini anafurahi. Kadi ikisoma 4.6 mgonjwa anasifiwa, mtoto wake anasifiwa, na dawa zinaandikwa zilezile za mwezi uliopita. Hakuna anayeuliza sukari hiyo ilikuwa ngapi saa tisa usiku.

Aliyenifundisha kuuliza hivyo alikuwa mama wa miaka 84 aliyeletwa kwetu, nje kidogo ya mji wa Tanga, baada ya kuvunjika mkono. Sote tulimwita Bibi, nami hapa nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa ameishi na kisukari zaidi ya miaka ishirini. Mwanawe alimleta na mfuko wa khaki uliopangwa vizuri: chupa ya insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30, yuniti 18 asubuhi na yuniti 12 jioni, glibenklamidi ya miligramu 5 kila asubuhi, na atenololi ya presha. Juu ya dawa alikuwa ameweka kadi ya kliniki. Asubuhi tatu za mwisho zilisoma 4.8, 5.1 na 4.4. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu, kilikuwa asilimia 6.2. Pembeni mtu aliandika kwa kalamu nyekundu: vizuri sana, endelea.

Mchana Bibi alikuwa mtu wa mazungumzo. Alijua majina ya watoto wa wahudumu, na mpishi akizidisha chumvi alimwambia. Usiku alikuwa mtu mwingine. Nesi wa zamu ya usiku alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda akikunja kanga, akiikunjua, akiikunja tena, huku akimwita mhudumu kwa jina la dada yake aliyefariki zamani na kumwomba awaingize watoto ndani, mvua inakuja. Mara mbili alianguka akienda kutia udhu kabla ya alfajiri. Mwanawe alisema hata nyumbani alikuwa hivyo, na walishakubali kwamba uzee umemzidi. Mhudumu mmoja, kwa nia njema kabisa, alishauri chumba kifukizwe ubani.

Mambo mawili hayakuingia kwenye maelezo hayo. La kwanza, kila asubuhi baada ya kunywa chai na kula kipande cha muhogo, Bibi alirudi kuwa yeye. Kusahau kwa uzee hakuondoki mtu akishastaftahi. La pili aliliona nesi wa usiku, mama makini ambaye ukimpa zamu unalala kwa amani: foronya ya Bibi ilikuwa imelowa upande wa shingo, na kanga pia, usiku ambao wengine walikuwa wakijifunika blanketi. Usiku uliofuata alimpima saa tisa. Mashine ikaandika 2.4.

Sukari ikishuka chini ya 4 tunaiita ya chini, na ikishuka chini ya 3 ubongo unaanza kukosa chakula chake. Kijana huhisi mapema: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, njaa inamshika, anatafuta soda. Kwa mzee aliyekaa na kisukari miaka mingi, kengele hizo huchelewa au hazilii kabisa. Atenololi nayo inatuliza moyo na mikono, kwa hiyo kinachobaki mara nyingi ni jasho tu, na jasho la usiku huonekana na anayebadilisha shuka. Kabla mzee hajahisi lolote, akili imeshavurugika. Ndiyo maana sukari ya chini kwa wazee huvaa sura za maradhi mengine. Huyu anaongea ovyo, yule analala mchana kutwa na kukataa kijiko, mwingine anaanguka, mwingine ulimi unakuwa mzito na mkono mmoja unalegea mpaka mnaandika kiharusi. Mzee yeyote anayetumia insulini au vidonge vya aina ya glibenklamidi akibadilika ghafla, tunapima sukari kwanza, halafu ndipo tunafikiria mengine.

Usiku ule Bibi alikuwa macho na aliweza kumeza, kwa hiyo nesi alikoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji ya uvuguvugu, kama gramu 15, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya dakika 15 alipima tena, ikawa 3.3. Akarudia kiasi kilekile, ikapanda 5.4, ndipo akampa uji wa maziwa na mkate ili sukari ishikilie. Angekuwa hawezi kumeza, asingetiwa chochote mdomoni. Hiyo ni kazi ya dripu ya glukosi, na gari linaitwa palepale. Lakini nesi hakurudi mezani kwake akaandika kwamba mgonjwa amepata nafuu. Alikumbuka glibenklamidi. Akaendelea kupima, na alfajiri sukari ilikuwa imerudi 3.1. Kidonge hicho kikimkamata mzee mwenye figo dhaifu kinaweza kumshusha tena na tena kwa siku nzima au zaidi, na mtu aliyepewa sukari mara moja akaachwa anaweza kukutwa hoi asubuhi.

Mtu atauliza ilikuwaje dawa alizotumia miaka yote bila shida zigeuke kuwa hatari. Dawa hazikubadilika, mwili ndio uliobadilika. Kadi za zamani zilionyesha Bibi akiwa na kilo 61. Sisi tulimpima akiwa na 49. Sahani ya ugali aliyokuwa akiimaliza sasa alikula nusu, na siku nyingine robo. Vipimo vya damu vilionyesha figo zake zinafanya kazi kama theluthi moja tu ya figo nzima. Figo ndizo zinazoondoa sehemu kubwa ya insulini ya sindano mwilini, na ndizo zinazotoa mabaki ya glibenklamidi, mabaki ambayo bado yana nguvu ya kushusha sukari. Zikichoka, dozi ya jana inakutana na dozi ya leo. Shirika la Afya Duniani limeandika kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwamba glibenklamidi haiwafai watu waliopita miaka 60, na likaweka gliklazidi mahali pake. Hata hivyo, kwa kuwa ni rahisi na imezoeleka, glibenklamidi bado inapatikana kwenye mifuko mingi ya khaki inayokuja na wazee wetu.

Na insulini ya jioni ilikuwa na ubaya wake. Katika 70/30, sehemu kubwa ni insulini ya muda wa kati, ile yenye rangi ya maziwa. Nguvu yake huanza kushika kasi yapata masaa manne baada ya sindano, na inaendelea kuvuta mpaka karibu masaa kumi. Bibi alichomwa saa kumi na mbili jioni, akala uji na nusu ya chapati, akalala saa mbili. Dawa ilifika kileleni kati ya usiku wa manane na alfajiri, tumbo likiwa tupu na walinzi wake wakiwa wachache kuliko saa nyingine yoyote. Tukipima asubuhi tu, tunaona 4.8 na kusema vizuri sana, kumbe hiyo 4.8 ni mtu anayepanda kutoka shimoni.

Daktari aliyekuja kutembelea wagonjwa wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Niliandaa daftari la sukari nikidhani ataanza nalo. Aliliweka kando. Aliuliza Bibi anakula sehemu gani ya sahani, mlo upi anaupenda, anaweza kuinuka peke yake, anaweza kusema kwamba ana njaa au anajisikia vibaya, usiku kuna watu wangapi kwenye zamu, na ni nani anayejua kutumia mashine. Kisha akamgeukia Bibi mwenyewe, akamwamkia, akamuuliza angependa nini. Bibi alisema anataka kusali bila kuanguka, na Ijumaa apate mkate wa kumimina. Daktari aliyaandika yote mawili kwenye faili, na ni kutokana na hayo, pamoja na hali ya figo, ndipo alipofika kwenye namba.

Nilimuuliza kwa nini tusiishike sukari yake kama tunavyofundishwa darasani. Jibu lake nimelirudia kwa watu wengi tangu siku hiyo. Faida ya kubana sukari imethibitishwa, alisema, lakini ilithibitishwa kwa watu wa namna gani? Utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, uliotoa matokeo yake mwaka 1998, ulichukua watu waliogunduliwa kisukari karibuni, wa umri wa miaka 25 hadi 65, na kuwafuatilia miaka kama kumi. Walipata nafuu ya macho na figo, na nafuu hiyo ilikuja polepole, mwaka baada ya mwaka. Mtu wa miaka 40 ana muda wa kuivuna. Bibi angelipa gharama yake usiku huuhuu, na mavuno yangekuja akiwa na miaka 94.

Halafu kuna utafiti wa Marekani na Kanada ulioitwa ACCORD. Ulikuwa na watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari cha muda mrefu na hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo, wastani wa miaka 62. Nusu yao walibanwa ili HbA1c ishuke chini ya asilimia 6, nusu nyingine wakaachwa kati ya 7 na 7.9. Mwaka 2008 sehemu hiyo ya kubana ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliobanwa walikuwa wanakufa zaidi: 257 dhidi ya 203. Wataalamu bado wanabishana ni nini hasa kiliwaua, na si haki kuitupia lawama yote sukari ya chini, ingawa kundi lililobanwa lilipata mishuko mikali mara nyingi zaidi. Kwangu inatosha kwamba watu hao walikuwa na umri wa watoto wa Bibi, wanatembea na kujihudumia, na bado kubana hakukuwasaidia.

Mwaka 2013 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitoa mwongozo wa wazee peke yao, ukiwagawa kwa uwezo wa kujimudu badala ya umri. Mzee anayejitegemea analengwa karibu kama watu wengine, HbA1c ya 7 hadi 7.5. Aliyedhoofika sana, au mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, anaweza kuachwa mpaka 8.5. Aliye ukingoni mwa maisha halengwi namba. Anakingwa asishuke na asiteswe na kiu na mkojo. Nimewahi kuona wazee wawili wa umri mmoja katika chumba kimoja, mmoja akistahili lengo la kwanza na mwenzake la mwisho, na hapo ndipo umri peke yake unapodanganya.

Kwa Bibi daktari alianza na kikomo cha chini. Hili lilikuwa geni kwangu, maana malengo yote niliyowahi kuyaona yalisema sukari isizidi kiasi fulani, hayakusema isipungue. Aliandika: asubuhi kabla ya kula, kati ya 6 na 10. Wakati wa kulala, kati ya 7 na 12. Zikitokea asubuhi mbili chini ya 6 katika wiki moja, dawa inapunguzwa hata kama Bibi yuko mzima kabisa, kwa sababu mtu aliyeamka na 5 hatujui usiku alipitia wapi. Ikiwa chini ya 4, tiba palepale na daktari ajulishwe siku hiyo. Ikizidi 15 zaidi ya mara moja, au Bibi akiwa na kiu, mkojo mwingi, homa au kutapika, daktari ajulishwe pia. Karatasi hiyo ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati lake, mahali ambapo kila anayefungua kuchukua insulini lazima aione.

HbA1c alitaka ikae karibu na 8, hata 8.5, ambayo kwa wastani ni sukari ya kama 11. Lakini alituonya tusiitegemee sana. Wastani unaficha mishuko: mtu anayecheza kati ya 2 na 13 anaweza kutoka na wastani mzuri. Pia kipimo hicho kinasoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zikiwa zinakufa mapema au zimetoka kwa mtu mwingine, kipimo hupotoka. Wazee wetu wengi wana upungufu wa damu, wapo wenye chembe za selimundu, wapo waliowekewa damu hospitalini, na wenye figo mbovu kama Bibi. Kwa watu hao kidole na mashine, vikitumika kwa saa zinazofaa, vinasema kweli zaidi.

Kupunguza dawa kulifanyika kwa hatua. Glibenklamidi ilisimamishwa siku ileile na haikurudi. Insulini ya jioni ilishushwa kutoka yuniti 12 hadi 6, huku tukimpima saa tisa usiku, na usiku kadhaa ulipopita bila kushuka chini ya 6 ikaachwa kabisa. Asubuhi, badala ya 70/30 ya yuniti 18, alipewa insulini ya muda wa kati peke yake, yuniti 14. Sababu yake nilipenda jinsi ilivyo ya kawaida: sindano ya asubuhi inafika kileleni mchana, Bibi akiwa macho, amekaa barazani na watu, na chakula cha mchana ndicho anachokula vizuri kuliko vyote. Ikishuka tutaiona. Na ifikapo usiku wa manane, dawa imepungua nguvu.

Kipindi cha mwanzo ndicho kinachowavunja watu moyo. Jioni moja Bibi alisoma 13.6, na mwenzangu wa zamu alikuwa ameshaweka insulini kwenye bomba ili aishushe. Daktari alikuwa ametukataza hilo kwa maandishi. Kukimbiza kila namba kwa sindano ndogo ndogo ni njia inayopandisha na kushusha sukari, na miongozo ya dawa kwa wazee inaikataza waziwazi: inaleta mishuko zaidi bila kuipa sukari utulivu. Sisi tulipewa kanuni ya kutazama wiki mbili. Kama zaidi ya nusu ya asubuhi zimezidi 10, ongeza yuniti 2 kwenye sindano ya asubuhi. Kama katika wiki moja zimetokea asubuhi mbili chini ya 6, punguza yuniti 2. Namba moja ya jioni, mtu akiwa mzima, haigusi dozi. Baada ya hapo asubuhi zake zilitulia: 8.2, 9.4, 7.9, siku moja 10.3. Mara moja tulipunguza yuniti 2, alipopata mafua na kula kidogo.

Mwanawe alikuja Jumamosi, akafungua daftari, akakuta 11.2 ya usiku uliotangulia. Alinifuata chumba cha dawa akiwa amelishika mkononi.

"Sista, nyumbani kwangu mama alikuwa 5. Hapa ni 11. Mnamlisha nini?"

Nilimkaribisha akae. Nilijua kwamba kwa mwaka mzima yeye ndiye aliyekuwa akiamka kabla ya kwenda kazini kumchoma mama yake sindano, na kwamba namba zile za 5 zilikuwa jasho lake. Nilimwonyesha ukurasa wa usiku ule wa kwanza, 2.4, na alichokiandika nesi kuhusu kanga na mvua. Alinyamaza akisoma.

"Kwa hiyo nilikuwa namuumiza?"

"Kaka, ulifuata kilichoandikwa kwenye kadi, na ukafuata vizuri kuliko wengi. Kadi ndiyo iliyobaki nyuma. Mama amepungua kilo 12, kadi haikupungua."

Hofu yake halisi ilitoka baadaye. Baba yake alikatwa mguu kwa kisukari, na aliogopa kwamba tunamwandalia mama mguu wa pili. Hofu hiyo si ya kupuuza. Nilimweleza kwamba mguu hupotea kwa miaka ya sukari ya juu, na miaka hiyo ikishapita, kuibana sukari mwishoni hakurudishi kilichoharibika. Kinachoulinda mguu wa Bibi sasa ni macho yetu: kila jioni mhudumu anaosha nyayo, anakausha katikati ya vidole, anatafuta lengelenge au ufa kwenye kisigino, na Bibi hatembei peku hata ndani. Nilimwonyesha jinsi ya kukagua, akainama, akakagua mwenyewe. Jumamosi zote zilizofuata alianza na nyayo kabla ya kushika daftari.

Lazima niseme pia upande wa pili, kwa kuwa nimeona watu wakisikia habari ya kulegeza lengo wakaelewa kwamba mzee aachwe tu. Tulimpokea babu mmoja kutoka mahali walipoacha kumpima, kwa hoja kwamba ameshazeeka. Alikuja na ulimi mkavu, macho yameingia ndani, analala muda wote, shuka zimelowa mkojo, na mashine yetu haikuweza hata kuandika namba, iliandika HI tu, yaani imezidi uwezo wake. Alikwenda hospitali siku hiyohiyo. Sukari ikizidi 10 hivi, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo, na maji huifuata. Kwa wazee kizingiti hicho huwa juu kidogo zaidi. Mzee hahisi kiu ipasavyo, au anahisi na hawezi kujichotea maji. Anakauka. Anaamka usiku kukojoa na kuanguka njiani, anapata fangasi sehemu za siri na maambukizi ya mkojo, anakonda. Sukari inayokaa juu ya 15 siku baada ya siku inamtesa mtu hata kama hajui kulalamika. Ndiyo maana lengo la Bibi lilikuwa na vikomo viwili, na vyote viwili tulivilinda. Akipata homa tulipima mara nne kwa siku, akikataa chakula asubuhi hatukumchoma mpaka tumpigie daktari.

Sahani nayo ilibadilika. Awali Bibi alikuwa kwenye chakula cha wagonjwa wa sukari: ugali wa dona kipimo cha ngumi, mboga, hakuna tunda, hakuna kitafunwa. Mtu wa kilo 49 anayekula nusu sahani hana cha kupunguziwa. Tuliachana na makatazo hayo, tukaweka mkazo kwenye samaki, mayai, maharage na maziwa, milo midogo kwa saa zilezile, na Ijumaa kipande chake cha mkate wa kumimina na chai isiyo na sukari. Baada ya miezi michache alikuwa na kilo 52. Usiku alilala. Aliendelea kusahau vitu vidogo, kama mtu wa umri wake, lakini hakumwita tena mhudumu kwa jina la dada yake, na kwa muda wote niliokuwa naye pale hakuanguka tena akienda kutia udhu.

Mwaka uliofuata alipata nimonia akalazwa. Sukari yake ilikuwa 12.8 alipofika wodini, na kwa kuwa mtu hakujua habari zake, aliwekwa kwenye insulini ya kufuata kila kipimo, wakati hali chochote. Usiku wa pili ilikuwa 3.2. Aliporudi tuliandika barua ya ukurasa mmoja, ambayo sasa inafungwa kwenye faili la kila mzee wetu mwenye kisukari na inakwenda naye popote anakopelekwa. Juu kabisa ina lengo lake na jina la daktari aliyeliweka. Chini yake kuna uzito wa mwezi huu, hali ya figo, anakula kiasi gani, na dalili zake yeye akishuka. Kwa Bibi iliandikwa: jasho shingoni, anakunja kanga, anaita watu waliokufa. Kuna mstari unaosema kwamba 12 kwake si dharura na isishushwe kwa sindano ya ziada akiwa mzima. Kuna dawa zilizosimamishwa, na sababu, ili zisirudishwe na mtu mwenye nia njema. Mwisho kuna namba ya simu inayopokewa usiku.